Bekoni ya tumbo, ya mgongo na ya bata mzinga: kwa nini inanywea na kwa nini inaruka kikaangoni? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Napika kifungua kinywa katika mkahawa mdogo hapa Nairobi, na maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa na wateja, majirani na vijana wanaokuja kujifunza kazi jikoni. Mengi yana mzizi mmoja. Kipande cha bekoni kimebeba maji na kimebeba mafuta, na hivyo viwili havitoki pamoja wala kwa joto moja. Kwa hiyo kabla sijajibu swali lolote la kikaango, huuliza kwanza: umenunua bekoni gani?

Bekoni ya striki na ya mgongo zinatofautianaje?

Striki ni nyama ya tumbo la nguruwe. Ukiitazama kipande kimoja mkononi utaona mistari: mnofu mwekundu, mafuta meupe, mnofu tena, mafuta tena, kuanzia ncha moja hadi nyingine. Vipande vyake ni virefu na vyembamba, na mara nyingi karibu nusu ya unachokiona ni mafuta.

Bekoni ya mgongo hukatwa juu, kwenye msuli mnene unaopita sambamba na uti wa mgongo, ule ule unaotoa chopsi. Kipande chake kina duara la mnofu usio na mistari, na ukanda wa mafuta umeuzunguka upande mmoja tu. Pakiti nyingine zina kipande chenye duara hilo pamoja na mkia mrefu wenye mistari. Hapo mkataji hakutenganisha mgongo na tumbo, na wewe umepata vyote viwili katika kipande kimoja. Kizuri kwa macho, ila kukipika kunasumbua kidogo, kwa sababu mkia huwa tayari kabla ya duara.

Zote mbili zimetiwa chumvi, na nyingi zimefukizwa moshi. Chumvi ndiyo inayoifanya iwe bekoni. Nyama ya tumbo unayokatiwa buchani bila kutiwa chumvi ni nyama ya nguruwe tu, hata ikikatwa nyembamba namna gani. Ni tamu, nami sina neno nayo, lakini usiisubiri iwe na ladha au rangi ya bekoni.

Na hiyo ya bata mzinga ni sehemu gani ya bata?

Kwa kawaida si sehemu moja. Bata mzinga hana tumbo la mafuta linaloweza kukatwa hivyo. Kinachofanyika kiwandani ni kuikatakata au kuisaga nyama ya paja na ya kidari, kuichanganya na chumvi na viungo mpaka inate, kisha kuibana iwe bonge, kuifukiza moshi au kuitia ladha ya moshi, na kuikata vipande. Ile mistari miwili ya rangi unayoiona kwenye baadhi ya pakiti imepangwa makusudi: nyama nyeusi upande mmoja, nyeupe upande wa pili.

Hili lina maana kubwa kikaangoni. Katika striki mafuta yamekaa kwenye tabaka zake, kwa hiyo yakiyeyuka hutiririka nje. Katika bata mzinga yale mafuta machache yamechanganywa ndani ya nyama yenyewe, na hayana njia ya kutoka kwa wingi. Ndiyo maana kipande cha bata mzinga hutoka kikaangoni kikiwa na umbo lile lile kilichoingia nalo.

Sisi ni Waislamu. Ikiandikwa bata mzinga inatosha?

Haitoshi. Jina la mnyama linakuambia nyama ni ya nani. Halikuambii alichinjwaje, wala kama mashine iliyokata bekoni hiyo ilikata pia ya nguruwe. Tafuta alama ya halali kwenye pakiti. Na mkiwa mkahawani, ulizeni kuhusu kikaango pia, kwa sababu wapishi wengi hukaanga mayai ya wateja wote katika mafuta yaliyoachwa na striki. Siyo ubaya, ni mazoea ya jikoni, ila mteja ana haki ya kujua.

Nilinunua pakiti ya gramu 200, baada ya kukaanga imebaki kiganja kimoja. Nimepunjwa?

Hapana, na tufanye hesabu uone mwenyewe. Chukua striki ya kawaida, gramu 200. Ndani yake mna takriban gramu 90 za maji, gramu 80 za mafuta, gramu 25 za protini ambayo ndiyo nyama yenyewe, na gramu kama 5 za chumvi na vitu vingine vidogo. Idadi hizi hupanda na kushuka kulingana na nguruwe na kiwanda, lakini sura ya hesabu haibadiliki.

Sasa ikaange mpaka ikauke na kukatika kwa kishindo. Protini haiendi popote, zile gramu 25 zimebaki. Chumvi nayo karibu yote imebaki, ndiyo maana bekoni iliyokauka huwa na ladha ya chumvi zaidi kuliko ilivyokuwa mbichi. Lakini kati ya gramu 90 za maji zimebaki kama 10, nyingine 80 zimepanda juu kuwa mvuke na kukuachia harufu kwenye mapazia. Na kati ya gramu 80 za mafuta zimebaki kama 30, zile 50 zimelala kikaangoni. Jumlisha kilichobaki: kama gramu 70. Yaani theluthi moja ya ulichonunua.

Ukitaka kuhakikisha, pima pakiti kwa mizani ya jikoni kabla ya kupika, kisha pima bekoni iliyokauka, halafu mimina mafuta ya kikaango ndani ya kikombe uyapime pia. Gramu 50 za mafuta ni kama vijiko vinne vya mezani. Uzito usiouona popote ni maji. Marekani wana kanuni inayosema bekoni inayouzwa ikiwa imeshapikwa isizidi asilimia 40 ya uzito wake wa awali, kwa hiyo kupungua kiasi hicho ni jambo linalotarajiwa hata na wanaoandika sheria.

Pa kulalamika papo, lakini ni mahali pengine. Kuna njia mbili za kuitia nyama chumvi. Ya kwanza ni kuipaka chumvi kavu na kuiacha siku kadhaa. Chumvi hufyonza maji na nyama hupoteza uzito kabla haijafika dukani. Ya pili ni kuidunga maji ya chumvi kwa sindano nyingi, na hapo nyama huongezeka uzito. Njia hii ni ya haraka, na ndiyo iliyo kwenye bekoni nyingi za bei nafuu. Soma orodha ya viungo nyuma ya pakiti. Vinapangwa kwa uzito, kizito kwanza. Ukiona maji yametajwa mara tu baada ya nyama, jua sehemu ya pesa yako itaondoka na mvuke.

Basi ninunue ya mgongo, si hiyo hainywei sana?

Ya mgongo hunywea kidogo kuliko striki, ndiyo, ila kinachotoka ni tofauti. Gramu 200 za bekoni ya mgongo zina maji kama gramu 128, mafuta kama 33 na protini kama 33. Ukiichoma mpaka iive lakini ibaki laini, kama inavyoliwa na wengi, utabaki na gramu 140 hivi. Katika gramu 60 zilizopotea karibu zote ni maji. Mafuta yaliyotoka hayajazi hata kijiko kimoja cha chai.

Hivyo ukinunua kwa ajili ya sandwichi au kuweka pembeni ya yai na mkate, ya mgongo inakupa chakula zaidi kwa kila shilingi. Ukitaka kitu cha kuvunjavunja juu ya viazi au saladi, au unataka mafuta ya kupikia mboga, ni striki, na ya mgongo haitakupa hayo hata uikaange mpaka jioni. Itakauka na kuwa ngumu kabla haijavunjika, kwa sababu mnofu wake hauna mafuta ya kuukaanga kutoka ndani.

Kwa nini inajikunja badala ya kulala?

Kwa sababu mnofu na mafuta havinywei kwa mwendo mmoja. Nyuzi za msuli huanza kukaza joto likipita nyuzi 50 za Selsiasi, na tishu ngumu zinazofunga nyuzi hizo hujivuta kwa nguvu kuanzia kama nyuzi 60. Mafuta hayajikazi, yanalainika na kuyeyuka. Katika striki mstari mmoja unavuta na wa jirani umelegea, ndipo kipande kinapata mawimbi. Kwenye ya mgongo kuna utando mgumu kati ya duara la mnofu na ukanda wa mafuta, nao unapojivuta kipande kinainuka katikati kama kofia, na hapo katikati hapagusi kikaango wala hapaivi.

Dawa ya ya mgongo ni kisu au mkasi: kata ukingo wa mafuta mahali patatu au panne, ukiingia kidogo tu mpaka ufike kwenye mnofu. Kama imebaki na ngozi, ikate pia au iondoe kabisa. Striki haihitaji mkasi, inahitaji moto mdogo. Wengine huigandamiza kwa sufuria ndogo nzito. Inasaidia, ila hakikisha chini ya sufuria hiyo pamekauka, la sivyo utapata lile tatizo la swali linalofuata.

Kwa nini mafuta yanaruka? Nimeungua mikono na jiko lote limechafuka.

Mafuta yenyewe hayana tabia ya kuruka. Jaza kikaango mafuta matupu, yapashe moto, yatatulia tuli. Anayerusha ni maji.

Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo tone la maji likitoka kwenye nyama huzama chini, kwenye chuma. Pale mafuta yanaweza kuwa yamefika nyuzi 160 au 170. Hapa Nairobi tuko mita 1,700 hivi na zaidi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye kama nyuzi 94, si 100 kama Mombasa. Tone lile linajikuta katika joto linalozidi sana kiwango chake cha kuchemka. Linageuka mvuke mara moja, na mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,500 ya ile iliyochukuliwa na tone. Juu yake kuna mafuta. Yanasukumwa, yanarushwa, yanatua kwenye kifundo chako cha mkono.

Kuna mlipuko mwingine unaotoka ndani ya kipande. Uso wa nyama ukishakauka na kuwa na ganda, maji yaliyobaki ndani hujikusanya chini ya ganda hilo mpaka mvuke unapata nguvu ya kulipasua. Ule mlio mmoja mkubwa wa ghafla, baada ya kimya, ndio huo.

Kwa hiyo ili bekoni iruke lazima vitu viwili vikutane: mafuta mengi yenye joto kali, na nyama ambayo bado ina maji. Ukikosa kimoja, hakuna vita. Hapo utaelewa kwa nini mtu anayewasha gesi yote, akamimina mafuta ya kupikia, akasubiri yatoe moshi ndipo atupie striki kutoka kwenye friji, anapata fataki. Amekamilisha masharti yote mawili katika sekunde moja. Na kumimina mafuta kwenye striki sijawahi kukuelewa hata siku moja, striki inakuja na mafuta yake.

Je, nianze na kikaango baridi?

Kwa striki, ndiyo, kila mara. Nia ni kuyatoa maji kabla mafuta hayajapata joto la kuyarusha.

Toa bekoni kwenye friji, ifute kwa karatasi ya jikoni pande zote mbili. Utashangaa karatasi ilivyolowa, na kila kilicholowesha karatasi kingekurukia. Panga vipande kwenye kikaango baridi, kikavu, bila mafuta. Vinaweza kugusana, maana vitanywea na kuachiana nafasi, lakini visipandane. Washa gesi kwa moto mdogo. Dakika za mwanzo hakuna kinachotokea na vijana hutaka kuongeza moto. Subiri. Mafuta meupe yanaanza kuwa kama kioo, halafu yanalowesha kikaango, halafu unasikia mlio laini wa kuchemka. Mlio huo ni maji yanayotoka. Geuza vipande kwa koleo kila baada ya dakika mbili tatu, usitumie uma maana unatoboa.

Kuanzia hapo sikiliza kuliko kutazama. Wakati maji ni mengi mlio ni mzito na wa mfululizo. Maji yanapopungua mlio unapungua nao, na badala ya mapovu makubwa unaona povu dogo dogo linalozunguka kingo za kipande. Povu hilo likitulia, striki imekauka. Kwa unene wa kawaida hiyo ni kama dakika 12 hadi 15. Itoe ikiwa bado inapinda kidogo, kwa sababu inaendelea kukakamaa ikipoa. Ukingoja ivunjike ikiwa kikaangoni, mezani itakuwa imeungua.

Nimesikia watu wanaongeza maji kikaangoni. Si ndiyo itaruka zaidi?

Ungedhani hivyo, lakini maji ya mwanzo yana kazi nyingine. Mimina maji kiasi cha kufunika tu sehemu ya chini ya kikaango baridi chenye striki, kisha washa moto wa wastani. Maadamu maji yapo, chini ya kikaango hapawezi kupita sana nyuzi 94. Mafuta ya nguruwe huyeyuka vizuri chini ya joto hilo, kwa hiyo yanatoka polepole huku mnofu haujaungua. Maji yakikaribia kuisha punguza moto, na hapa kuna dakika moja au mbili za kurukaruka, wakati matone ya mwisho yanakutana na mafuta. Sogea nyuma. Baada ya hapo kunatulia kuliko njia ya kawaida.

Naipenda njia hii kwa striki nene na kwa kikaango chembamba cha alumini, ambacho huunguza katikati na kuacha pembeni bichi. Kwa bekoni ya mgongo haina faida. Yenyewe imejaa maji na haina mafuta ya kuyeyusha, utakuwa umeichemsha tu.

Ya mgongo basi naipikaje?

Ifute, kata ukingo, pasha kikaango kwa moto wa wastani na mafuta kijiko kimoja cha chai, usizidishe. Simamisha vipande kwanza kwa upande wa ule ukanda wa mafuta kama dakika moja ili ukanda uanze kuyeyuka, kisha vilaze, dakika mbili tatu kila upande. Usijaze kikaango. Vipande vingi vikitoa maji kwa pamoja, joto linashuka na nyama inaanza kuchemka katika supu yake, ikiwa na rangi ya kijivu. Hilo likikupata, toa vipande, mwaga yale maji, futa kikaango na urudishe vipande vichache. Usiwe na haraka ya kuongeza moto huku maji yamejaa, ndiyo mwanzo wa kurukiwa.

Lile povu jeupe linalonata ni nini? Ni kemikali?

Ni maji ya chumvi yaliyobeba protini ya nyama. Joto linapoigandisha protini hiyo inakuwa nyeupe, kama ute wa yai unavyofanya. Si sumu. Ila ni dalili nzuri ya kujua bekoni yako ilidungwa maji. Iliyotiwa chumvi kavu huliacha kidogo sana au haliachi kabisa. Povu hilo likibaki kikaangoni hushika chini na kuungua, kwa hiyo lifute kabla ya awamu ya pili.

Nikifunika kikaango hakiruki tena?

Hakikuchafui, lakini kinaendelea kuruka ndani, na mvuke unaogonga mfuniko unageuka matone yanayorudi kwenye mafuta. Ukifunua, unapokelewa. Wavu wa kufunikia kikaango ni bora kwa sababu mvuke unapita na mafuta yanabaki. Kama huna, acha mfuniko umeegama, upande ulio wazi ukielekea ukutani na si kwako.

Ya bata mzinga inashika kikaango na inakuwa kama ngozi ya kiatu. Nifanyeje?

Inashika kwa sababu haina mafuta ya kujikaanga. Kati ya hizi tatu, hii ndiyo bekoni inayohitaji uiongezee mafuta mengi zaidi: kijiko kimoja cha mezani kwa vipande vitano sita, moto wa wastani, dakika mbili au tatu kila upande. Usijaribu kuianzisha kwenye kikaango baridi. Mbinu ile ipo ili kuyeyusha mafuta, na hapa hamna cha kuyeyusha, utaikausha tu.

Inakuwa ngumu kwa sababu watu huisubiri inywee na kujikunja ndipo waamini imeiva. Haitajikunja, kwa kuwa nyuzi zake zilishakatwakatwa na hazivutani tena. Tazama rangi: ukingo ukigeuka kahawia, itoe. Pakiti nyingine zimeandikwa kwamba imeshapikwa, na hiyo unaipasha tu. Nyingine ni mbichi, nayo nyama ya kuku na ya bata mzinga haichezewi: katikati ifike nyuzi 74. Maandishi ya pakiti ndiyo yatakayokuambia uko upande gani.

Kuruka? Kidogo sana, isipokuwa umeizamisha kwenye mafuta.

Na kwa afya, ya bata mzinga si ndiyo nzuri?

Kwa mafuta, mara nyingi ina machache kuliko striki, ingawa tumeona kuwa striki huyaacha mengi kikaangoni. Ukilinganisha na ya mgongo pengo ni dogo, na wakati mwingine halipo. Kwa chumvi, linganisha nambari zilizo kwenye pakiti, kwa sababu bata mzinga huwa na chumvi sawa na nguruwe na pengine zaidi.

Zote zinahesabiwa kuwa nyama iliyosindikwa. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka nyama iliyosindikwa katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, hasa ya utumbo mpana, na makadirio yao yalikuwa kwamba kula gramu 50 kila siku huongeza hatari hiyo kwa takriban asilimia 18. Kubadilisha mnyama hakukutoi kwenye kundi hilo. Kula mara moja moja, wala usimlishe mtoto kila asubuhi kwa sababu tu pakiti ina picha ya bata.

Stima ilipotea usiku kucha, bekoni ikayeyuka, nikaigandisha tena. Sasa inaruka kuliko mwanzo.

Barafu ilipasua nyuzi za nyama, na kila inapoganda na kuyeyuka maji yaliyokuwa yamefungwa ndani yanaachiwa huru. Ukiifungua utaona pakiti ina maji mekundu. Maji hayo ndiyo yanayoruka. Lakini kabla ya kuhangaikia kuruka, uliza kwanza ilikaa katika joto kwa muda gani. Kama ilikuwa bado baridi kama ya friji ulipoigandisha, iyeyushe ndani ya friji, ifute vizuri na uanze na moto mdogo. Kama ilikuwa imepata joto la chumba kwa zaidi ya saa mbili, itupe. Chumvi na moshi wa bekoni za siku hizi ni vya ladha zaidi kuliko kuhifadhi, haziwezi kukaa nje.

Pakiti iliyofunguliwa imalize ndani ya wiki moja ikiwa kwenye friji. Ukijua huwezi, gandisha vipande vinne vinne ili usilazimike kuyeyusha vyote.

Naweza kuichoma kwenye jiko la makaa?

Ya mgongo na ya bata mzinga, ndiyo, juu ya wavu, makaa yakiwa yameshaingia majivu. Striki juu ya wavu hapana. Mafuta yake yanadondokea makaa, moto unapanda, na unapata nyama yenye masizi nje na mafuta mabichi ndani. Kwa striki weka kikaango juu ya jiko, na punguza makaa mpaka uweze kushika kiganja juu yake kwa muda bila kukitoa.

Ukiwa na oveni na wageni wengi, panga striki kwenye trei yenye kingo, nyuzi 200, dakika 15 hadi 20. Hakuna kugeuza na hakuna anayeungua mkono.

Mafuta yaliyobaki nimwage?

Usiyamwage kwenye sinki. Yakipoa yanaganda ndani ya bomba, na fundi atakutoza zaidi ya ulichonunulia bekoni. Yaache yapoe kidogo, yachuje kwa chujio la chai ndani ya chupa kavu ya kioo, uyaweke kwenye friji. Yachuje kweli, kwa sababu makombo ya nyama ndiyo yanayoharibika kwanza na ndiyo yanayoungua ukiyapasha tena.

Kijiko kimoja cha mafuta ya striki, kitunguu kimoja, na fungu la sukuma wiki lililokatwa nyembamba. Usiweke chumvi mpaka uonje. Na hiyo sukuma, baada ya kuiosha ikung'ute maji yote kabla ya kuitia, maana jani lililolowa kwenye mafuta ya moto linaruka kwa sababu ile ile.

Mafuta yakishika moto?

Zima gesi. Funika kikaango kwa mfuniko wa chuma au sinia, na usifunue mpaka kipoe kabisa. Usikibebe kukimbiza nje, na usimwage maji. Tone moja lina uwezo wa kurusha mafuta mpaka kwenye kifundo cha mkono, na kikombe kizima kitarusha moto hadi darini.